Kano Zinazoshikilia Mfuko wa Uzazi

Leo nataka tuzungumze juu ya kizazi kushuka, jambo ambalo wengi huja kuniambia wakiwa wamefunika midomo. Tuanze na jinsi viungo vilivyopangwa.

Kila upande wa nyonga kuna ovari moja, ndogo, ya urefu wa sentimita tatu hivi. Yai likitoka humo hudakwa na ncha ya mrija wa uzazi, iliyo kama vidole vidogo. Mrija una urefu wa sentimita kumi hivi. Yai likirutubishwa humo, husafiri siku tatu au nne kabla ya kufika katika mfuko wa uzazi. Sehemu ya chini ya mfuko huo ni mlango wa kizazi, unaochomoza ndani ya uke. Ukiguswa kabla ya mimba, ni mgumu kama ncha ya pua.

Sasa, mfuko huu unashikiliwa na nini? Kuna kano mbili zinazotoka pembe za juu za mfuko na kushuka hadi kinenani. Hizo ndizo huvutika wakati wa mimba, ukasikia kichomo cha ghafla unapogeuka kitandani. Lakini hazibebi uzito mwingi. Wabebaji hasa wako chini: kano zinazotoka kwenye mlango wa kizazi kwenda kuta za nyonga kulia na kushoto, na nyingine zinazokwenda nyuma hadi mfupa ulio chini ya kiuno. Chini yao kuna misuli ya sakafu ya nyonga. Misuli ikilegea, kano hubaki na mzigo wote, nazo hurefuka polepole.

Chukueni mfano wa mama wa watoto sita, aliyekwisha koma hedhi, na bado anabeba mtungi wa lita ishirini. Asubuhi yuko sawa. Jioni anahisi uzito ukeni, kama amekalia yai, na mkojo hauishi vizuri. Akilala, hali inatulia. Huko kupanda na kushuka kwa siku ndiko kunakotuelekeza kwenye kano. Uzazi mwingi umezivuta, na baada ya hedhi kukoma homoni inayozipa uimara imepungua. Kikohozi cha muda mrefu na choo kigumu huongeza shinikizo.

Mfuko ukiwa umeshuka kidogo tu, tunamfundisha kubana misuli kama anayezuia mkojo, mara kumi, mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu au zaidi. Mazoezi hukaza misuli, lakini hayafupishi kano zilizokwisha kurefuka. Ukiwa umeshuka zaidi, tunaweza kumwekea pete laini ukeni, ambayo huoshwa na kukaguliwa kila baada ya miezi michache. Upasuaji upo pia. Kama kuna kidonda au damu, au mkojo umeziba kabisa, asingoje siku ya kliniki, aje siku hiyo hiyo.