Vina Visituchoshe

Tulipotunga wimbo wa jubilei hii hapa Kamakis, ubeti wa kwanza ulikuwa hivi:

Bwana tunakuimbia,
Mema umetujalia,
Mbele unatangulia,
Leo tunafurahia.

Kila mstari una mizani 8, na yote inaishia kwa -ia. Tulipouimba tukaona kasoro. Silabi ya mwisho huvutwa, basi kanisa lilisikia "aaa" mara nne. Tena vitenzi vingi vya kutendea huishia hivyo, kwa hiyo msikilizaji anakijua kina kabla hatujakifikia. Mstari wa nne ulipoteza hata maana: tunafurahia nini?

Dawa ilikuwa kusogeza kitenzi nyuma na kumalizia kwa nomino, kwa kuwa nomino huishia kwa irabu zote tano:

Tunakuimbia, Mungu,
Umetujalia mema,
Umeumba ulimwengu,
Unatujaza uzima.

Mizani ni 8 zile zile. Mkazo nao bado uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo hatukugusa sauti ya wimbo. Vina sasa vinapokezana, -ngu na -ma.

Tulijifunza pia kwamba irabu peke yake si kina. "Mema" na "sana" zote zina a mwishoni, lakini hazina kina kimoja. "Mema" na "uzima" ndizo zinazopatana, kwa silabi nzima.

Karibuni tuuimbe pamoja.