Ufadhili wa Masomo wa Kaunti: Anzeni na Karatasi Inayochelewa

Maelezo ya mwalimu wa ushauri nasaha kwa wanafunzi wa Gredi ya 10, gwarideni Jumatatu asubuhi

Fomu za ufadhili wa masomo wa kaunti zimefika katika ofisi ya msimamizi wa wadi. Hazilipiwi. Mwisho wa kuzirudisha ni Ijumaa ya wiki ijayo, saa kumi na moja jioni.

Anayeweza kuomba ni mwanafunzi ambaye familia yake inaishi katika kaunti hii, aliyepata nafasi ya Gredi ya 10, na ambaye mzazi au mlezi wake hana uwezo wa kumaliza karo. Anayelipiwa karo yote na mfadhili mwingine hastahili. Pesa hazipewi mzazi mkononi. Hulipwa kwenye akaunti ya shule.

Fomu iambatane na nakala za cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha mzazi au mlezi, matokeo ya KJSEA, barua ya kujiunga na shule na karatasi ya karo. Yatima ataongeza cheti cha kifo. Mwenye ulemavu ataongeza nakala ya kadi yake ya usajili. Chifu ataweka sahihi na muhuri katika sehemu yake, na mwalimu mkuu katika yake.

Wengi huanza kwa kujaza fomu, na hapo ndipo siku hupotea. Kwanza tazama majina. Tuseme cheti cha kuzaliwa kina majina matatu, lakini matokeo yana mawili. Kamati haitajua kama huyo ni mtu mmoja. Mzazi aende kwa wakili au mahakamani leo au kesho, aandikiwe hati ya kiapo inayosema kwamba majina yote ni ya mtoto huyo huyo, kisha hati hiyo iambatishwe.

Jambo la pili ni cheti cha kifo. Familia nyingi huwa na kibali cha mazishi na kudhani kwamba kinatosha. Kibali huruhusu kuzika tu. Cheti huombwa kwa msajili wa vizazi na vifo, na hakitoki siku hiyo hiyo. Aliye na kibali pekee aombe cheti wiki hii. Kisha aambatishe kibali, risiti ya maombi, na barua ya chifu inayothibitisha kifo hicho.

Wiki hii, basi, ni ya karatasi na chifu. Jumatatu ijayo leteni fomu zipigwe muhuri wa shule, ili kufikia Jumatano ziwe ofisini kwa wadi. Siku mbili zitakazobaki ni za kurekebisha kasoro. Ukikabidhi fomu, omba uandikwe kwenye daftari la mapokezi na uchukue nambari yako. Fomu ikipotea, nambari hiyo ndiyo ushahidi kwamba uliirudisha kwa wakati.