Majibu ya Ini Katika Picha ya Simu: Vimeng'enya na Bilirubini Havisemi Jambo Moja



Mtu aliyeanza matibabu ya kifua kikuu humeza, kwa miezi miwili ya kwanza, mseto wa dawa nne: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Tatu za kwanza zinaweza kulidhuru ini, ndiyo sababu mganga huweza kuagiza damu ipimwe. Kwa anayeishi mbali na hospitali, majibu mara nyingi humfikia kama picha ya simu. Akiona herufi H kando ya tarakimu, hushtuka na pengine kuacha dawa zote, hali herufi hiyo inasema tu kwamba kiwango kimepanda. Jambo la kuuliza ni hili: kimepanda nini, na kwa kiasi gani?

Mistari yenye ALT na AST inahusu vimeng'enya. Hivi hukaa ndani ya chembe za ini, na chembe ikijeruhiwa huvuja na kuingia katika damu. Vimeng'enya vikipanda, basi, tunaarifiwa juu ya jeraha. Bilirubini ni kitu kingine. Ni taka ya rangi ya manjano itokanayo na chembe nyekundu za damu zilizozeeka, ambayo ini huipokea, huibadilisha na kuitoa pamoja na nyongo. Ikipanda, maana yake taka hiyo imezalishwa kupita kiasi, au haitolewi ipasavyo.

Tuchukue mfano wa mgonjwa aliye katika wiki ya pili ya dawa. Maabara yake imeandika kwamba mwisho wa kawaida wa ALT ni 40, na wa bilirubini ni 21.

Picha ya kwanza inaonyesha ALT 96 na bilirubini 12. Gawanya 96 kwa 40, upate mara 2.4. Ikiwa mgonjwa hana kichefuchefu, hatapiki, anakula vema na haumwi chini ya mbavu za kulia, kwa kawaida dawa huendelea na kipimo hurudiwa. Mara nyingi ini huzoea, na ALT hushuka yenyewe. Mganga husimamisha dawa ALT ikizidi mara 3 pamoja na dalili hizo, au mara 5 hata pasipo dalili.

Picha ya pili inaonyesha ALT 31 na bilirubini 34. Hapa hakuna ishara ya chembe kujeruhiwa. Rifampisini hushindana na bilirubini katika kuingia na kutoka ndani ya ini, hivyo bilirubini yaweza kupanda kidogo mwanzoni mwa tiba, kisha ikashuka. Malaria nayo huvunja chembe nyekundu na kuipandisha. Kwa hiyo mwenye homa apimwe malaria pia.

Picha ya tatu inaonyesha ALT 210 na bilirubini 58. ALT imezidi mara 5, na bilirubini inakaribia mara 3. Hii ndiyo picha ya hatari, kwani chembe zimejeruhiwa na kazi ya ini imeanza kushindwa. Mgonjwa huyu afike hospitali siku hiyo hiyo, na dawa zisimamishwe. Ini likitulia, mganga huzirudisha moja baada ya nyingine, akipima kila hatua.

Picha yenyewe inaweza kupotosha. Iliyokatwa ukingo huacha nje safu ya viwango vya kawaida, na bila safu hiyo hesabu haiwezekani. Tazama pia kipimio: bilirubini 1.2 kwa mg/dL ni karibu sawa na 20 kwa µmol/L. Mwombe mhudumu apige karatasi nzima, pamoja na jina na tarehe.

Wala usitishwe na mkojo wa rangi ya chungwa baada ya kumeza dawa. Ni rangi ya rifampisini, nayo huonekana hata katika jasho na machozi. Lakini mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, weupe wa macho ukageuka manjano, au ukitapika mfululizo, usingoje majibu. Usimeze dozi inayofuata, bali nenda kituoni siku hiyo hiyo ukiwa na vidonge vyako, na umweleze mhudumu pombe, dawa za miti shamba na vidonge vingine vyote ulivyotumia. Umwombe pia ajaze fomu ya madhara ya dawa na kuiwasilisha kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Pasipo dalili hizo, usiache dawa kwa kuiona picha tu. Dozi zikirukwa, vimelea vya kifua kikuu hupata nafasi ya kuwa sugu. Ipeleke picha kwa mganga wako, naye ndiye aamue.