Sikio Linalonuka na Njia Yake ya Kwenda Ubongoni
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia)

 Leo sitazungumza juu ya kila ugonjwa wa sikio, maana hatutamaliza. Nataka tuzungumze juu ya lile sikio ambalo wengi wetu tumelizoea nyumbani. Mtoto anatoka usaha tangu alipokuwa mdogo, mto anaolalia unanuka, wenzake shuleni hawataki kukaa karibu naye, na sisi wakubwa tunasema, "Ah, hayo ni masikio yake tu, yataisha akikua."

Sikio likitoka usaha kwa majuma mawili au zaidi, hilo limekuwa sugu na linahitaji kuonwa. Lakini kuna tofauti. Sikio moja linatoka majimaji mengi kama kamasi, hasa mtoto akipata mafua, halafu linakauka kwa muda. Lingine linatoka usaha kidogo tu, wakati mwingine na damu, lakini harufu yake ni ya kitu kilichooza na halikauki kamwe. Hili la pili, lenye usaha kidogo, ndilo linalonitia hofu zaidi. Mama akiniambia, "Siku hizi ni kidogo tu, ni harufu ndiyo inasumbua," mimi sifurahi.

Sababu ni hii. Ngozi ya ngoma ya sikio inaweza kuvutwa kwa ndani ikafanya kifuko. Ngozi siku zote huambua ile iliyokufa, na kwa kawaida hiyo hutoka nje pamoja na nta. Ndani ya kifuko haina pa kutokea. Inajazana, inaoza, na kifuko kinakua polepole kikila mfupa unaokizunguka. Wataalamu hukiita kolesteatoma. Si saratani, lakini dawa ya matone haiwezi kukiondoa. Kinaondolewa kwa upasuaji.

Sasa fikirini sikio liko wapi. Dari ya chumba cha ndani cha sikio ni mfupa mwembamba sana, na juu ya dari hiyo ndipo ubongo umelala. Ukutani mwa chumba hicho hicho unapita mshipa wa fahamu unaoendesha uso. Mfupa ukiliwa juu, vijidudu vinafika ubongoni. Ukiliwa pembeni, uso unalegea. Hata bila tundu, vijidudu vinaweza kupita katika mishipa midogo ya damu.

Nitawaeleza habari za kijana mmoja wa miaka 13, bila kutaja jina wala mahali. Sikio lake la kushoto lilikuwa likinuka kwa miaka mingi. Siku moja akaanza kuumwa na kichwa na homa. Nyumbani wakanunua dawa za malaria dukani, bila kupima damu. Homa ikashuka, na kwa siku kama kumi kijana akawa nafuu, hata usaha ukapungua. Watu wakashukuru wakidhani amepona.

Hapo ndipo penye mtego, tafadhali mnisikilize vizuri. Vijidudu vikiingia katika ubongo, mwanzoni mgonjwa huumwa na kuwa na homa. Baadaye mwili hujenga ukuta kuuzunguka usaha ule, na kwa siku kadhaa anaweza kuonekana nafuu. Kumbe jipu linajaa ndani, na fuvu la kichwa halina nafasi ya kupanuka kama jipu la pajani linavyovimba nje.

Yule kijana akaanza kuamka alfajiri kichwa kikimpasua, anatapika ghafla hata kabla hajala. Darasani akawa anasinzia. Halafu likatokea jambo la ajabu. Nyanya yake alimwonyesha kijiko na kumwuliza ni nini, naye akasema, "Hicho cha... hicho cha kula." Alikijua, lakini jina halikuja. Wengine wakasema amerogwa. Lakini kwa watu wengi, ile sehemu ya ubongo iliyo juu ya sikio la kushoto ndiyo inayosaidia kupata majina ya vitu. Jipu likiwa nyuma zaidi, katika ubongo mdogo, mgonjwa hutembea akiyumba kama mlevi, na akitaka kushika kikombe mkono unakikosa.

Aliyemwokoa ni klinikal ofisa aliyeinama akanusa sikio lake. Alimtuma siku hiyo hiyo kwenye hospitali kubwa yenye skeni ya kichwa. Jipu likaonekana. Walitoboa fuvu wakavuta usaha, wakampa dawa kwa dripu, na matibabu yakachukua majuma sita. Baadaye sikio lenyewe likapasuliwa kuondoa kile kifuko, maana ukiacha chanzo, jipu linaweza kurudi. Kijana alirudi shule. Sikio lile halisikii vizuri, lakini majina ya vitu yalimrudia.

Sasa uso. Mtu mwenye sikio la kutoka usaha akiamka mdomo umekwenda upande, watu husema ni kiharusi, au upepo mbaya. Mwambieni akunje paji la uso na kufumba macho yote mawili. Katika kiharusi, mara nyingi paji bado linakunjika pande zote mbili, na mkono au mguu huweza kulegea pia. Mshipa wa uso ukiharibika sikioni, nusu nzima ya uso inalala, tena upande ule ule wa sikio bovu: paji halikunjiki, jicho halifungi, chai inamwagika pembeni mwa mdomo. Lakini msikae nyumbani mkibishana ni kipi. Yote mawili ni ya hospitali siku hiyo hiyo. Mshipa ukikaa umebanwa kwa muda mrefu, uso huenda usirudi ulivyokuwa. Na lile jicho lisilofunga lisiachwe likauke, maana linaweza kupata kidonda. Ombeni dawa ya kulilainisha, na usiku lifungwe kwa plasta, kope zikiwa zimefumbwa.

Mtaniuliza, tufanye nini na sikio kabla halijafika huko? Kausheni. Sokoteni kitambaa safi cha pamba kiwe kama utambi, kiingizeni taratibu, kitoeni kikilowa, wekeni kingine mpaka kitoke kikavu. Fanyeni hivyo angalau mara tatu kwa siku, na baada ya kukausha ndipo mtie matone aliyowapa mhudumu wa afya, kwa kawaida kwa majuma mawili. Msiache pamba ndani. Maji ya kuoga yasiingie, kuogelea kusimame. Mafuta ya moto, maji ya majani na maziwa ya mama, hapana. Likiendelea kunuka baada ya hayo, ombeni barua ya kwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, na msikubali chupa ya tatu na ya nne ya matone yale yale.

Lakini mwenye sikio bovu akipata kichwa kikali, kutapika, usingizi usio wa kawaida, shingo ngumu, degedege, kuyumba, uso kulegea au uvimbe nyuma ya sikio, hapo hakuna kukausha tena. Ni kutafuta gari, hata usiku. Kikundi chenye akiba kikubaliane mapema ni nani anaweza kutoa pesa za gari bila kungojea mkutano. Mkifika, msianze na homa. Anzeni hivi: "Huyu anatoka usaha sikioni tangu mwaka fulani, na sasa anaumwa na kichwa." Kama wanasema ni malaria, ombeni damu ipimwe. Na hata ikionekana malaria, sikio lile lisisahauliwe, waambieni tena.