Pengo Katika Tabasamu: Kurekebisha Meno ya Picha Bila Kukifanya Kinywa Kionekane cha Bandia



Nitaizungumzia picha moja tu, maana ndiyo iliyonifundisha kazi hii. Ni picha ya mama wa makamo aliyekuja studio na binti yake siku chache kabla ya harusi ya binti huyo. Mama alikuwa na pengo juu, jino la pili kutoka katikati, upande wake wa kushoto, yaani upande wetu wa kulia tunapoitazama picha. Yeye mwenyewe aliomba pengo lizibwe, kwa sababu picha ingetundikwa sebuleni kwa wakwe. Nilikata jino la upande wa pili, nikaligeuza, nikalipachika, nikasafisha kingo na kuchapisha. Binti aliitazama picha kitambo kirefu, kisha akauliza: “Kwani mama amevaa meno ya bandia?”

Jino lile lilikuwa la mama mwenyewe, na umbo lake halikuwa na kasoro. Kilichomfanya binti ashtuke ni vitu vitatu vinavyolizunguka jino: ufizi, nafasi na mwanga. Nikaifuta kazi yote na kuanza upya.

Nianze na ufizi, kwa kuwa wengi wetu huusahau. Jino likitoka, mfupa uliolishikilia huanza kupungua, na ufizi wa juu yake hunywea na kurudi ndani. Kwa hiyo kwenye picha, pengo si mahali palipokosa jino peke yake, bali pamekosa pia ule upinde mdogo wa nyama unaoshuka kati ya jino na jino. Ukipachika jino tupu kwenye shimo hilo, litaning'inia kama shanga. Inabidi uazime jino pamoja na ufizi wake. Safari ya pili nilitumia Lasso Tool na Feather ya pikseli 2, nikalizungushia jino la upande wa pili mstari uliopanda hadi kwenye ufizi, kiasi cha theluthi ya urefu wa jino lenyewe, na kuchukua pia ncha ndogo za nyama za pande zote mbili. Nikabonyeza Ctrl+J ili kipande kikae kwenye leya yake, kisha nikaenda Edit, Transform, Flip Horizontal.

Hapo hapo niseme kwa nini sikubaliani na desturi ya kuweka akiba ya meno mazuri kwenye kompyuta na kuyapachika kwa kila mteja. Wengi wetu tuna ufizi wenye weusi, kwa wengine mabaka, kwa wengine utepe mzima juu ya meno. Ufizi wa waridi ulionakiliwa kutoka picha ya mtu mwingine unajionyesha mara moja. Meno nayo ni hivyo hivyo. Mtu aliyekulia Arusha au sehemu za Kilimanjaro, ambako maji ya visima na chemchemi nyingi yana floridi nyingi, anaweza kuwa na meno yenye mistari ya kahawia. Ukimpachikia jino moja jeupe lisilo na doa, umemtengenezea pengo jipya la rangi.

Sasa nafasi. Pengo likikaa miaka, majirani wake huegemea ndani yake. Kwa mama huyu, jino kubwa la katikati lilikuwa limelala kidogo kuelekea pengo, na chonge nayo ilikuwa imesogea. Nafasi iliyobaki ilikuwa kama robo tatu tu ya upana wa jino nililoazima. Mara ya kwanza niliingia kwenye Liquify na kuyasukuma meno yote mawili ili kupanua nafasi. Mstari wa katikati ya meno ukahama kutoka chini ya pua, na uso wote ukaonekana umepinda upande mmoja. Mtazamaji hawezi kukuambia ni nini kimeharibika, lakini anajua huyu si yule.

Mara ya pili sikumgusa jirani yeyote. Nilipunguza Opacity ya leya hadi asilimia 50 ili nione chini yake, nikaliweka jino mahali pake, kisha nikalibana kidogo upana kwa Ctrl+T na Warp, kiasi cha sehemu moja ya kumi, na kuirudisha Opacity ilivyokuwa. Nafasi iliyopungua nikaiacha ipungue: nikaliingiza jino nyuma ya ukingo wa jino la katikati kwa kutumia Layer Mask. Hivyo ndivyo jino linavyokaa katika kinywa chenye msongamano. Tazameni vinywa vya watu wazima mtakaokutana nao leo. Meno ya pili kutoka katikati mara nyingi yamejificha kidogo nyuma ya makubwa, na hakuna anayeyaita kasoro.

Urefu wake pia una kanuni. Kwa watu wengi jino hili la pili ni jembamba kuliko la katikati, na ncha yake huishia juu kidogo ya ncha ya jirani yake huyo. Ukizisawazisha ncha zote kwenye mstari mmoja ulionyooka, umepata meno ya bandia ya bei rahisi. Kati ya ncha na ncha kuna pembetatu ndogo yenye giza, na pembetatu hizo zinakua kadiri unavyoelekea pembeni. Zilindeni. Mara nyingi brashi laini ya Layer Mask huzifuta bila mwenye kazi kutambua, na meno yakabaki kama kipande kimoja cha sahani.

Jambo la tatu ni mwanga, na hili ndilo lililonichukua muda mrefu kuliko mengine. Mwanga wa picha ile ulitoka dirishani, kushoto kwetu. Jino la kushoto lilikuwa na mng'ao mdogo ukingoni, upande unaolitazama dirisha. Nilipoligeuza, mng'ao ukahamia kulia, kana kwamba kuna dirisha la pili. Nilitumia Healing Brush kuuondoa mng'ao wote, nikauchora upya upande wa kushoto kwa brashi ndogo yenye Opacity ya chini, usio mkali. Kisha nikaweka Curves juu ya leya ya jino peke yake na kuishusha, kwa sababu jino hilo sasa lilikuwa upande wa mbali na dirisha. Kinywa ni kama pango dogo: meno ya katikati ndiyo yanayong'aa zaidi, chonge huwa na unjano kidogo hata kwa mtu mwenye meno meupe, na magego yanaingia gizani. Mdomo wa juu nao hutupa kivuli chembamba juu ya shingo za meno. Jino lililoazimwa lisipopitiwa na kivuli hicho, litaonekana liko mbele ya mdomo badala ya kuwa ndani yake.

Mwisho nikaongeza chembechembe. Warp hulainisha pikseli, na jino likawa laini kuliko jirani zake. Add Noise ya asilimia 1 au 2, ikiwa Monochromatic, ilitosha. Nikaipunguza picha hadi ukubwa wa kuchapishwa na kuigeuza yote kushoto-kulia. Ukiona jicho lako linakimbilia jino lile kabla ya macho ya mtu, kazi bado haijaisha. Langu lilikimbilia mara mbili, na mara zote mbili kosa lilikuwa jino kung'aa mno.

Kuhusu meno yaliyopinda nitasema machache, kwa kuwa mengi tumeshayagusa. Jino lililopinda kwenye picha tunalitambua zaidi kwa kivuli chake kuliko kwa umbo. Lililogeuka ubavu huonyesha ukingo wenye giza, na lililorudi nyuma hukaa katika kivuli cha jirani yake. Kwa hiyo kabla ya kufungua Liquify, weka Curves ya kuangaza, ifiche kwa maski nyeusi, kisha upake nyeupe polepole juu ya kivuli hicho mpaka kipungue kwa nusu. Mara nyingi utashangaa kuona hakuna la kusukuma tena. Likibaki, zuia midomo na ufizi kwa Freeze Mask, tumia brashi kubwa kuliko jino, Pressure isizidi 20, na usogeze kidogo kidogo. Brashi ndogo huacha ukingo wenye mawimbi. Na Liquify haiwezi kukutengenezea sehemu ya jino ambayo kamera haikuiona: jino lililogeuka ubavu kabisa huwezi kulinyoosha kwa kulivuta, utalifanya pana na bapa tu.

Zipo picha ambazo mbinu yangu inashindwa. Uso ukiwa umegeuka sana, meno ya upande wa mbali huonekana membamba na yamepandana, na jino la upande wa karibu likigeuzwa halikubali kukaa kule hata ulibane vipi. Pengo likiwa la meno matatu au manne mfululizo, hakuna jino la kutosha la kuazima, na ukirudia lile lile mara tatu, doa lake litajitokeza mara tatu. Hapo mimi humwambia mteja ukweli, nikampa picha ya tabasamu la mdomo uliofumbwa. Picha za pasipoti na vitambulisho sizigusi kabisa.

Pia kuna vinywa visivyohitaji mkono wetu. Mwanya wa meno ya mbele ya juu kwetu ni urembo uliosifiwa tangu zamani, na nimeona wahariri vijana wakiuziba bila hata kuuliza. Wazee wa Kimaasai wengi waling'olewa meno mawili ya kati ya chini, na wazee wa Kiluo meno sita ya chini, kwa mila. Mapengo yale ni alama ya mtu ni nani na ametoka wapi. Swali la kwanza linapaswa kuulizwa mbele ya kamera, siyo mbele ya kompyuta: “Meno yako nikuachie yalivyo?”

Yule binti aliichukua picha ya pili bila kusema neno juu ya meno. Alisema tu kwamba kanga ya mama imetoka vizuri.

Ombi langu kwenu ni la wakati wa kupiga picha. Mteja mwenye pengo akikuambia angependa lizibwe, usimwache aondoke na pozi moja. Mpige picha mbili zaidi hapo hapo, kwa lenzi ile ile na mwanga ule ule, uso ukiwa umenyooka na kinywa kimefunguka kidogo, halafu moja zaidi akiwa amegeuza uso kidogo ili mwanga uangukie meno ya upande usio na pengo. Jino utakalolihitaji baadaye limo kwenye picha hizo.