Sanduku lililopigiliwa mlangoni mwa direkta
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wazazi na viongozi wa wakimbizi wa ndani, eneo la Fizi, Kivu ya Kusini)

Nimeombwa niseme juu ya wasichana wetu na mambo yanayowapata shuleni. Nitaanzia kwenye kitu ambacho wengi mmekwisha kukiona: lile sanduku la mbao lenye tundu, linalowekwa ili watoto watie barua za malalamiko.

Katika shule moja ya msingi iliyopokea watoto wa wakimbizi, wale wa kijiji wakisoma asubuhi na wetu mchana, sanduku lilipigiliwa mlangoni mwa ofisi ya direkta. Ufunguo alikuwa nao direkta mwenyewe. Mwaka mzima hakikuonekana kikaratasi hata kimoja, na watu wakasema: tazameni, hapa kwetu mambo ni salama. Lakini fikirini ninyi wenyewe. Msichana atatia barua mbele ya macho ya nani? Mwalimu anayesahihisha daftari zake kila siku anaujua mwandiko wake. Na mtoto wa darasa la pili hajui bado kuandika jambo kama hilo. Ukiona shule yenye watoto mia kadhaa haina malalamiko hata moja, usishangilie. Kwanza uliza watoto wanamwambia nani.

Wazazi wa shule ile walibadili utaratibu. Sanduku waliliacha, ila wakalihamishia karibu na kisima, na likawa na kufuli mbili: ufunguo mmoja kwa mama wa komite ya wazazi, mwingine kwa mwalimu mwanamke. Hafungui mmoja bila mwenzake, na hufungua kila Ijumaa. Lakini sanduku si ndilo lililoleta mabadiliko makubwa. Waliteua watu wa kusikiliza: yule mwalimu, yule mama, na mtu wa tatu asiye wa shule, muuguzi wa kituo cha afya. Huyo wa tatu ana sababu yake. Siku anayelaumiwa ni direkta, au ni rafiki wa mwalimu yule, mtoto apate mlango mwingine. Kanuni yao ni moja: anayetajwa kwenye lalamiko hapokei lalamiko hilo, halisomi, wala haketi kwenye kikao chake.

Sasa niwaonyeshe jinsi njia hiyo inavyotembea. Tuchukue msichana wa darasa la sita, mwenye miaka 13. Mwalimu wake humtuma mara kwa mara kupeleka maji nyumbani kwake, jambo ambalo kwetu halishangazi mtu. Siku moja anamwambia abaki, na kwamba pointi za mtihani wa mwisho ziko mikononi mwake. Mtoto anakimbia. Tangu hapo, kila siku yenye somo la mwalimu yule anasema kichwa kinamuuma. Mama yake anaona jambo hilo, hamgombezi, anamsindikiza kwa yule mama wa komite.

Mama wa komite anamsikiliza mara moja tu, pahali pa faragha. Hamwulizi “kwa nini ulikwenda?” Anaandika maneno kama mtoto alivyoyasema, tarehe, na mahali. Katika daftari la komite haandiki jina, anaandika nambari. Jina na nambari viko katika daftari la pili, linalofungiwa mbali na shule. Hatumi mtoto akarudie hadithi kwa direkta, kisha kwa shefu, kisha kwa mchungaji. Kila kurudia ni jeraha, tena maneno yakipishana kidogo watu watasema mtoto anadanganya.

Pia hamwendei mwalimu kumwuliza kama ni kweli. Hapa wengi hukosea kwa nia njema. Mwalimu aliyeonywa huhama usiku, na baada ya mwezi mmoja anafundisha shule nyingine, mbele ya wasichana wengine. Kazi ya komite si kuchunguza. Komite inapeleka habari kwa direkta na kwa mkuu wa shule wa tarafa, kwa maandishi, na kopi moja inabaki kwa komite. Kama direkta ndiye anayetajwa, habari inampita juu.

Siku hiyohiyo direkta anapaswa kufanya mambo mawili ambayo hayangoji uchunguzi. Kwanza, hakuna mwanafunzi tena anayekwenda nyumbani kwa mwalimu, awe wa maji, wa kuni au wa shamba. Pili, karatasi za msichana yule zinasahihishwa na mwalimu mwingine hadi mwisho wa mwaka. Msilichukue hili la pili kama dogo. Mtoto huogopa kusema kwa sababu ya buletini. Akijua pointi zake ziko salama, mdomo unafunguka. Na ndani ya siku 3 yule mama anarudi kumweleza mtoto kilichofanyika. Asipopata jibu, wenzake wataona kwamba kusema ni bure.

Wavulana wanaowazibia wasichana njia, wanaowashika au kuwatukana, shule inaweza kuwashughulikia yenyewe kwa kuita wazazi wao, kutoa adhabu inayojulikana na wote, na kuweka mtu mzima njiani saa ya kutoka. Watoto wetu wa mchana hutoka jua likikaribia kuzama, kwa hiyo saa hiyo ndiyo ya kulinda.

Ila kama mtoto amebakwa, msianze na kikao. Anzeni na kituo cha afya. Dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi inafaa ikianzwa ndani ya saa 72, na kidonge cha kuzuia mimba ndani ya saa 120. Mapema ni bora zaidi. Asioge kwanza kama inawezekana, na nguo zake zifungwe katika kitambaa au karatasi, si katika mfuko wa plastiki. Hata saa hizo zikipita, apelekwe bado. Matibabu hayangoji karatasi ya polisi.

Najua kinachofuata katika vijiji vyetu: wazee wanaketi, mbuzi wanahesabiwa, au inasemwa mwalimu amwoe. Sheria nambari 06/018 na 06/019 za tarehe 20 Julai 2006 zinasema wazi kwamba aliye chini ya miaka 18 hawezi kuwa amekubali, na kwamba malipo hayafuti kesi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 inampa mbakaji wa mtoto kifungo cha miaka 7 hadi 20, na kima cha chini huongezwa mara mbili akiwa ni mwalimu wake. Kuomba ngono kwa kutumia cheo, hata bila kumgusa mtoto, nako ni kosa la jinai.

Sitawaficha kwamba korti iko mbali na nauli ni ghali. Sheria inataka hukumu itoke ndani ya miezi 3 tangu kesi ifike kwa mamlaka ya sheria, lakini mara nyingi inachelewa, na sisi wakimbizi twaweza kuhama kabla ya siku yake. Ndiyo maana familia ihifadhi cheti cha daktari, na komite ihifadhi ile kopi. Karatasi hizo zinaweza kusafiri nanyi.

Mnaporudi nyumbani, jambo la kwanza ni kuchagua wasikilizaji. Msiwachague ninyi. Wakusanyeni wasichana peke yao, darasa kwa darasa, pamoja na mama mmoja, na kila mmoja amtaje sikioni mwa mama huyo mtu mzima ambaye angemwambia siri. Majina yanayorudiwa ndiyo mnayoyatafuta. Na kama kuna mwalimu ambaye hakuna msichana hata mmoja aliyemtaja, msitangaze hilo kikaoni, ila lishikeni akilini.