Lita 10 za Kila Mtoto

Wazazi wa Moa, mimi ndiye ninayeratibu basi linalowachukua watoto wenu alfajiri. Barua ya nyongeza ya mafuta mtaiona kwenye mikoba ya watoto wiki hii, lakini barua ya mstari mmoja yenye bei chini haijamtosheleza mzazi yeyote, nami nikiwa mzazi isingenitosha. Kwa hiyo naisoma hapa redioni, na hesabu yake yote.

Basi letu ni Kosta la dizeli. Kwa siku, mizunguko yote ya asubuhi na jioni inafika kilomita 80. Humo zimo pia kilomita za kwenda tupu kumfuata mtoto wa kwanza na za kurudi tupu baada ya kumshusha wa mwisho, kwa sababu basi tupu nalo linakunywa mafuta. Kwa barabara yetu, yenye mchanga, matope ya masika na kusimama kila baada ya nyumba chache, lita moja inatupeleka kilomita 5. Kwa siku ni lita 16. Kwa siku 20 za shule ni lita 320. Watoto ni 32, mkigawanya mnapata lita 10 kwa kila mtoto kwa mwezi. Naomba mkiandike hicho kiasi ukutani: lita 10.

Nyongeza inatokana nacho. Chukueni mwaka 2022, ambao wengi mnaukumbuka. Aprili, EWURA ilitangaza bei kikomo ya dizeli Dar es Salaam kuwa shilingi 2,692 kwa lita. Mei ikawa 3,258. Tofauti ni shilingi 566. Zidisheni kwa lita 10, mnapata shilingi 5,660 kwa mtoto. Basi. Bei ya wilayani kwetu Mkinga huwa na mstari wake kwenye tangazo hilo hilo, na hiyo ndiyo tunayoitumia. Dar es Salaam nimeitaja kwa mfano tu.

Sasa sikilizeni mahali ambapo mzazi huumizwa bila kujua. Mwaka ule dizeli ilipanda kwa asilimia 21 kwa mwezi mmoja. Tuseme ada ya basi ni shilingi 45,000. Mtu anaweza kusema, mafuta yamepanda asilimia 21, basi na ada nzima ipande asilimia 21. Hapo utalipa shilingi 9,450 zaidi. Lakini ndani ya ile 45,000 ulikuwamo pia mshahara wa dereva, wa matroni, bima na matairi, na hivyo havikupanda kwa sababu dizeli imepanda. Kilichopanda ni zile lita 10. Mkiletewa nyongeza ya asilimia ya ada nzima, popote pale, ulizeni lita ni ngapi.

Na bei ikishuka? Juni 2022, baada ya Serikali kuweka ruzuku ya shilingi bilioni 100, dizeli Dar es Salaam ilishuka hadi 3,131. Ukilinganisha na Aprili, tofauti ilikuwa 439, kwa hiyo nyongeza ya haki ilikuwa 4,390, pungufu kwa 1,270 kuliko ya Mei. Barua yetu inasema wazi kwamba nyongeza inahesabiwa upya kila mwezi. EWURA hutangaza Jumatano ya kwanza, na mwenye simu ya kitochi anaweza kupiga *152*00# akafuata maelekezo.

Bei tusiyoidhibiti tunagawana. Ulaji wa basi ni juu yangu. Kila Ijumaa tunajaza tangi hadi juu, tunaandika kilomita za kwenye dashibodi, na Ijumaa inayofuata tunajaza tena. Kilomita 400 zinapaswa kula lita 80. Zikila 95 na njia ni ile ile, basi kuna tairi lisilo na upepo wa kutosha, nozeli zimechoka, au mafuta yananyonywa. Lita hizo 15 za ziada hazitaingia kwenye hesabu yenu. Wakipungua watoto katikati ya muhula, pengo lao pia hatutawagawia waliobaki hadi muhula uishe.

Najua nyongeza hii inakuta nini hapa kwetu. Kusi limeanza kuvuma, ngarawa nyingi zimevutwa pwani, na mwenye boti la mashine naye anahesabu petroli yake kabla ya kutoka. Mwenye kipato cha bahari alipe nyongeza kwa mafungu mawili, bamvua hii na ijayo. Mtoto hatashushwa njiani kwa ajili ya nyongeza ya mafuta.

Daftari la kilomita na risiti za kituo cha mafuta nitakuwa nazo ofisini Jumamosi, kuanzia saa tatu asubuhi. Njooni na kalamu zenu.